P9 mbili, mwaka mmoja

Aliyebadilisha kazi katikati ya mwaka hupata vyeti viwili vya P9, kimoja kutoka kwa kila mwajiri. Kila cheti kinaonyesha kwamba ushuru ulikatwa mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana wengi hushtuka ritani inapowaambia kwamba bado wanadaiwa na Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA. Hesabu hiyo si lazima iwe na kosa. Kinachofaa kutazamwa kwanza ni mwezi mmoja tu, ule ambao waajiri wote wawili walikulipa.

P9 ina mstari kwa kila mwezi, kisha jumla chini. Nguzo zake ni nyingi, na herufi za nguzo hizo si zilezile katika kila toleo la fomu, kwa hiyo soma maneno yaliyo juu ya nguzo badala ya kukariri herufi. Tatu ndizo zinazobeba hesabu: mapato yanayotozwa ushuru, yaani kinachobaki baada ya makato kama NSSF, SHIF na ada ya nyumba; nafuu ya ushuru, ambayo ni shilingi 2,400 kwa mwezi; na PAYE, ushuru uliokatwa hasa.

Chukua mfanyakazi wa mfano, mwaka wa 2025. Januari hadi Juni mapato yake ya kutozwa ushuru yalikuwa 50,000 kwa mwezi, na mwajiri wa kwanza akamkata 7,383 kila mwezi. Julai akaanza kazi mpya ya 80,000, anakatwa 16,383. Lakini mwezi huohuo wa Julai mwajiri wa kwanza alimlipa 40,000 za likizo ambazo hakuwa amezichukua, akamkata 4,383. P9 ya kwanza basi ina miezi saba, ya pili ina sita, na Julai imo katika zote mbili.

Ukijumlisha, mapato ya kutozwa ushuru ni 820,000, na PAYE iliyokatwa, tukiacha senti, ni 146,983. Sasa tazama ritani inavyohesabu. Haijali waajiri walikuwa wangapi. Hutoza asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, na asilimia 30 kwa 432,000 zilizobaki. Jumla ni 183,400. Ondoa nafuu ya mwaka mzima, 28,800, ubaki na 154,600. Mfanyakazi wetu anadaiwa 7,617.

Zimetoka wapi? Kila mwajiri alihesabu Julai kana kwamba yeye ndiye mwajiri wa pekee. Nafuu ya 2,400 ikatolewa mara mbili, na viwango vya chini vya asilimia 10 na 25 vikatumika mara mbili, jambo lililopunguza ushuru kwa 5,217 nyingine. Hakuna mwajiri aliyeiba, wala mfanyakazi hakuficha kitu.

Mambo hugeuka kwa aliyekaa bila mshahara. Huyuhuyu angemaliza Juni, akapumzika Julai na kuanza Agosti, angekuwa amekatwa 7,617 zaidi ya inavyotakiwa, kwa sababu nafuu na viwango vya chini vya mwezi huo havikutumika. Pesa hizo ni zake, ila lazima aombe kurudishiwa kupitia iTax.

Katika ritani, kila mwajiri hupewa mstari wake mwenye PIN yake: mapato katika ukurasa wa F, PAYE katika ukurasa wa M. Wengine hutumia P9 moja tu, ile ya kazi waliyo nayo, na ritani inakubali bila kulalamika. Kosa hilo ni baya, kwa sababu KRA ina taarifa ambazo mwajiri wa kwanza aliwasilisha kila mwezi, na siku ya kulinganisha pengo litaonekana. Kabla ya kujaza, weka hati za mshahara kando ya P9 na ulinganishe PAYE ya kila mwezi. Ikiwa hati inaonyesha makato ambayo P9 haina, mwandikie mwajiri wa zamani arekebishe, nawe uhifadhi hati hizo.

Tarehe nazo huwachanganya watu. Ritani hufungwa Juni 30, lakini salio la ushuru lilipaswa kulipwa kufikia Aprili 30. Anayelipa baadaye huongezewa asilimia 5 ya deni, ambayo kwa mfano wetu ni kama shilingi 381, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kuchelewesha ritani yenyewe ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, iliyo kubwa kati ya hizo.

Kwa hiyo unapoondoka kazini, omba P9 yako kabla hujasahauliana na ofisi ya mishahara, na uulize kama kuna malipo yatakayokuja baada ya kuondoka. Yakiwepo, tenga pesa za ushuru siku hiyohiyo yanapoingia.