Ncha Inayoishinda Sarafu

Chukua rula ya mbao ya mita 1, tundika ncha yake moja kwenye msumari ili izunguke kwa wepesi, ilaze mlalo, kisha iachie. Je, mchapuko wake wa mzunguko unaanza na kiasi gani?

Uzito wa rula, Mg, unavuta kutoka katikati, umbali wa L/2 kutoka msumarini, kwa hiyo momenti yake ni MgL/2. Ukinzani wa rula dhidi ya kuzungushwa ni ML²/3. Hapa wanafunzi wengi hukosea: huandika ML²/12, ambayo ni ya rula inayozungukia katikati yake. Gawanya momenti kwa ukinzani, upate 3g/2L. M imejifuta, hivyo rula ya chuma ingeanza sawasawa na ya mbao.

Kwa mita 1, jibu ni radiani 14.7 kwa sekunde mraba. Ncha huru basi inachapuka kwa 14.7 m/s², kuliko kitu kinachoanguka chenyewe kwa 9.8! Panga sarafu juu ya rula uone: zilizo mbele ya sentimita 67 hivi kutoka msumarini zitaachwa hewani. Ila hesabu hii ni ya papo hapo pa kuachia tu. Rula ikishainama, mchapuko hupungua.