Sukari ya Alfajiri

Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili anakula chakula cha usiku saa mbili, kisha analala. Alfajiri, kabla hata ya chai, anajitoboa kidole na kipimo kinasoma 10. Anaapa kwamba hakula kitu usiku kucha, na ni kweli. Sukari hiyo imetengenezwa na ini lake mwenyewe.

Tukilala, ini hutoa glukosi ili ubongo usife njaa. Kwa mtu mzima wa kilo 70 ni kiasi cha gramu 8 kwa saa, karibu vijiko viwili vya chai vya sukari. Sehemu hutoka kwenye akiba yake, nyingine huiunda upya kutokana na mabaki ya protini na mafuta. Insulini ndiyo huliambia ini lipunguze mwendo, lakini katika kisukari cha aina ya pili ini haliisikii sawasawa, likaendelea kumimina.

Hapo ndipo metfomini inapofanya kazi. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, kwa hiyo dawa hufika huko ikiwa nyingi. Ndani ya seli hupunguza kasi ya mitokondria, vinu vya nishati. Kuunda glukosi mpya kunahitaji nishati nyingi, na inapopungua, kazi hiyo hupungua nayo. Watafiti bado wanabishana ni hatua ipi hasa inayozuiwa kwanza. Kwa kuwa dawa hii hailazimishi kongosho kutoa insulini zaidi, ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Asili yake ni galega, mmea wa Ulaya na Asia ya magharibi wenye maua ya zambarau au meupe, uliotumika zamani katika tiba za kienyeji. Una kemikali iitwayo galegini, jamii ya guanidini. Mwaka 1918 ilibainika kwamba guanidini hushusha sukari ya wanyama, ila ina sumu. Hata kondoo wakila galega nyingi hufa. Mwaka 1922, huko Dublin, Emil Werner na James Bell walitengeneza maabara ndugu yake aliye mpole zaidi, metfomini. Bahati mbaya, insulini nayo ilikuwa imegunduliwa, na ikavuta macho yote. Ilibidi kusubiri hadi 1957, daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo yake kwa wagonjwa.

Ndugu mwingine, fenfomini, aliondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu ya kulimbikiza asidi ya laktiki katika damu. Kwa metfomini hatari hiyo ni ndogo, lakini hutolewa mwilini na figo bila kubadilika, hivyo figo zikidhoofika hujikusanya. Kwa hiyo usianze kuimeza kwa ushauri wa jirani. Pima figo kwanza, na ukitapika au kuharisha sana, muulize daktari kama uisimamishe kwa muda.