Shikamoo Mama, Nimekosea Namba

Bi Shani ni mtu wa kuchorwa. Ana kanga ya njano, ana mizani mbele yake, na anauza dagaa kwa magunia soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Katuni yake ina dakika tatu, imetengenezwa kwa kusimama wima ili ijae kwenye kioo cha simu, na maneno yote yameandikwa chini ya picha kwa sababu watu wengi huitazama wakiwa ndani ya daladala, sauti wameizima. Yeye ni wa kubuni, lakini mbinu anayoingizwa mjini nayo hutumika kila siku.

Kazi yake haikuchaguliwa ovyo. Muuza dagaa wa jumla ana wateja wa mbali ambao hajawahi kuwaona uso kwa uso. Wanapiga simu, wanakubaliana bei, wanatuma hela, mzigo unapakiwa. Ujumbe wa pesa kutoka namba ngeni ni sehemu ya siku yake, kwa hiyo ukiingia mmoja hashtuki. Katuni nyingi za onyo huharibika hapa hapa mwanzoni: humchora mtu mwenye tamaa aliyeambiwa ameshinda mamilioni, na mtazamaji anacheka, anajisemea huyo si mimi, anafunga video. Bi Shani hana tamaa. Kosa lake ni kuwa na shughuli nyingi na roho nzuri.

Saa nne asubuhi, wapagazi wanapita na magunia, simu inalia. Kioo kinajaa picha nzima ili tusome pamoja naye: "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 185,000 kutoka kwa BARAKA. Salio lako jipya ni Tsh 203,650." Kabla hajafuta mikono, simu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, samahani sana, nimekosea namba. Hiyo hela ni ya dawa za mtoto, niko hospitali hapa, daktari ananisubiri. Nakuomba unirudishie mama yangu, utapata thawabu."

Ile shikamoo imefanya kazi kubwa kuliko ujumbe wenyewe. Mtu akishaitikia marahaba amekwisha kuwa mama wa aliyemwamkia, na mama hamkatii mwanawe simu. Baada ya hapo ni haraka, haraka, haraka. Kila akisita, kijana anataja mtoto.

Hapa picha inagawanyika katikati, na hii ndiyo sababu ya kutumia katuni badala ya tangazo la redio. Kushoto ni Bi Shani. Kulia ni chumba chenye godoro na simu tatu, na kijana aliyevaa shati safi tu, kama mtu yeyote wa mtaani kwenu. Hakuna kofia ya kuficha uso wala kicheko cha shetani. Juu ya kichwa cha Bi Shani kuna kisanduku chenye salio lake halisi: 312,400. Ujumbe unaruka kutoka chumbani hadi sokoni, unaingia kwenye simu yake, na kisanduku hakitikisiki. Kinabaki 312,400.

Picha hiyo inaeleza jambo ambalo maneno hulielezea kwa shida. Pesa ya simu haikai ndani ya simu, na wala haiji na ujumbe. Ni tarakimu katika vitabu vya kampuni, na ujumbe ni taarifa tu inayotumwa baada ya tarakimu kubadilika. Taarifa inaweza kuandikwa na yeyote mwenye vidole. Tapeli hunakili ujumbe wa kweli aliowahi kupokea, hubadilisha kiasi na jina, halafu huutuma.

Kitu kimoja hawezi kukinakili: salio lako. Hakijui. Kwa hiyo ama hulitaja la kubahatisha, ama huliacha kabisa. Bi Shani alikuwa na 312,400. Angepokea 185,000 kweli, salio jipya lingekuwa 497,400. Ujumbe unasema 203,650. Hesabu haiingii akilini, ila nani anapiga hesabu huku akiliwa masikio na mtu anayelia? Ishara nyingine ni pale ujumbe unapotokea. Wa kweli huja kwa jina la huduma, kama M-PESA, na wa bandia mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida ya simu. Ishara hii isitegemewe peke yake, kwani hata jina la mtumaji huweza kughushiwa.

Ndiyo maana hatua ya kwanza inayotokea kwenye katuni, kwa herufi kubwa, ni fupi: kata simu, kisha uliza salio. Mtumiaji wa M-Pesa Tanzania anapiga *150*00#, wa Mixx by Yas *150*01#, wa Airtel Money *150*60#, wa HaloPesa *150*88#, na anachagua kuangalia salio mwenyewe. Kukata kunatangulia kwa makusudi. Tapeli anataka ubaki hewani, kwa maana ukiwa unamsikiliza husomi. Mwenye shida ya kweli utampigia tena baada ya dakika moja na hatakuwa amepoteza kitu.

Bi Shani hakukata. Anaingia kwenye menyu, anaandika namba aliyotajiwa, anaandika 185000. Kabla ya namba ya siri, kioo kinaleta jina la mpokeaji, na ni jina la mwanamke. Yule kijana alishajiandaa: "Jina litakuja la mke wangu, mama, ndiye yuko na daktari." Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuuona ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Maelezo ya mapema kuhusu jina yapo kwa sababu laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, pengine mtu asiyejua kabisa kwamba ana laini ya pili. (Ukitaka kujua kama jina lako linatumika hivyo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.) Jina lisilolingana na la anayeongea nawe ni sababu tosha ya kuacha, hata awe na maelezo matamu kiasi gani.

Namba ya siri inaingia. Sasa ndipo kisanduku kinashuka: 127,400, na kidogo tena kinapungua kwa makato.

Katuni ingeweza kuishia hapo, lakini mtazamaji mwerevu ana swali: je, kama nimeuliza salio na hela imeingia kweli? Hapo watu wengi waangalifu hunaswa. Kwa hiyo picha inarudi nyuma, na safari hii kisanduku kinapanda hadi 497,400. Shikamoo ni ileile, machozi yaleyale. Bi Shani ameona hela kwa macho yake, dhamiri inamwambia arudishe, na anairudisha kwa kuituma. Dakika chache baadaye kijana anapiga huduma kwa wateja kulalamika kuwa alituma hela kwa makosa na anaomba muamala urudishwe. Akifanikiwa, 185,000 inaondoka mara ya pili.

Kuna sura mbaya zaidi ya hiyo. Huenda hela ile haikutoka kwa kijana, imetoka kwa mtu wa tatu aliyetapeliwa mkoa mwingine, naye aliambiwa atume kwenye namba ya Bi Shani. Mwenye hela atakapolalamika, uchunguzi utamkuta Bi Shani katikati ya njia: alipokea hela ya wizi na kuipeleka mbele. Atakuwa na kazi ya kueleza.

Kwa hiyo hela uliyoipata kwa makosa ya mwingine usiitume popote, na usiitumie. Unamjibu kwa upole: "Mwanangu, piga 100, waeleze, watairudisha wao." Namba 100 ni ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya Tanzania, na baadhi ya mitandao ina kipengele cha kurudisha muamala kwenye menyu yake. Kampuni ikirudisha, inaufuta muamala uleule ulioingia, na hakuna tena cha kurudishwa. Aliyekosea kweli atashukuru. Tapeli atatukana, na hapo shikamoo imekwisha.

Waandishi wa hadithi za namna hii hubishana juu ya mwisho: apate hela yake au asipate? Mwisho mwema ungedanganya, na mwisho mbaya ungewafanya watu wakate tamaa wasiripoti. Nadhani njia ya kweli iko katikati, na inategemea saa. Mara tu Bi Shani alipobonyeza, kijana wa kulia alikuwa na kazi moja, kuitoa hela kwa wakala au kuihamishia laini nyingine. Kampuni inaweza kuzuia kile tu kilichobaki kwenye akaunti ya mpokeaji. Noti zikishatoka kwa wakala, hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Kwenye katuni anashtuka baada ya dakika nne, alipotaka kumlipa mpagazi na kuona salio. Anapiga 100 papo hapo na kutaja namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wake wa kutuma, ambao hakuufuta. Kijana alishatoa 140,000, kwa hiyo 45,000 zinazuiwa. Angeona aibu na kusubiri jioni amshirikishe mumewe, pengine asingekuta chochote. Aibu hiyo ndiyo inayomlinda tapeli, na nafurahi kwamba mchoraji ameiweka usoni pake kwa sekunde nzima bila maneno.

Kisha anausambaza ule ujumbe wa uongo kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania. Kwa jirani zetu Kenya namba ni nyingine: aliyetuma kwa makosa kwa M-Pesa huupeleka ujumbe wa muamala 456, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa 333. Huko pia Safaricom imewatangazia wateja kwamba ikiwapigia itatumia 0722 000 000 pekee. Anayetumia namba nyingine na kujiita wa Safaricom ana lake jambo.

Picha ya mwisho ni kituo cha polisi. Bi Shani ameshika simu yenye jumbe zote mbili, ule wa uongo na wake wa kutuma, na askari anamwandikia RB. Anapoondoka, askari anamwita: "Mama, usizifute."