Saini ya kupokea si saini ya kukubali

Tuseme Mwajuma ni msimamizi wa ghala jijini Dar es Salaam, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Mara ya tatu sasa mzigo uliomo ghalani haulingani na vitabu. Mwajiri hataki kumfukuza, anataka kumshusha awe karani wa ghala kwa shilingi 650,000. Anamwita ofisini, anamwekea barua mezani: "Saini hapa."

Barua hiyo imewahi mno. Kwanza Mwajuma alipaswa kupewa barua ya tuhuma inayotaja tarehe za hesabu zilizopishana na mali iliyopungua, si maneno kama "utendaji usioridhisha". Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinampa angalau saa 48 za kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, na anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Huenda akaeleza kwamba funguo za ghala walikuwa nazo watu watatu. Jibu hilo liingie katika muhtasari wa kikao, kwa kuwa linaweza kugeuza uamuzi wote.

Ikiwa kosa limethibitika, kushushwa cheo huja kama pendekezo. Mkataba una pande mbili, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri kushauriana na mfanyakazi masharti yanapobadilika, kuyarekebisha, kisha kumjulisha kwa maandishi. Barua nzuri itataja cheo kipya, kazi zake, atakayemsimamia, mshahara na posho zitakazobaki, na tarehe ya kuanza. Tarehe hiyo isirudi nyuma, maana siku alizokwisha fanya kazi kama msimamizi zilipwe kwa kiwango cha msimamizi.

Pengo la shilingi 250,000 haliishii kwenye mshahara wa mwezi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Akiachishwa baadaye, hesabu itaanzia kwenye mshahara ule mdogo.

Ndiyo maana barua iwe na sehemu mbili za saini: moja ya kupokea, nyingine ya kukubali au kukataa. Zikichanganywa, mwajiri atasema Mwajuma aliridhia, naye atasema alipokea karatasi tu.

Mshahara ukipunguzwa bila ridhaa yake, ana siku 60 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akiachishwa kazi, ana siku 30 tu.

Ukiwekewa barua ya namna hiyo, andika "nimepokea, sijakubali", weka tarehe, na usitoke ofisini bila nakala yako.