Nusu Saa ya Tovuti Kila Mwezi

Tovuti ya biashara ndogo huweza kuharibika bila mwenyewe kujua. Tuseme nyumba ya wageni ya Bagamoyo ina tovuti ya WordPress iliyotengenezwa miaka 3 iliyopita. Kurasa zinafunguka, picha zinaonekana, na mgeni akijaza fomu ya kuulizia chumba anajibiwa kuwa ujumbe umetumwa. Mwenye nyumba hapati kitu.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwezi ni kujifanya mteja: kufungua tovuti kwa simu, kujaza fomu, kisha kusubiri barua pepe. Isipofika, chanzo mara nyingi ni anwani ya mtumaji. Fomu nyingi huandika anwani ya mgeni, tuseme ya Gmail, ilhali barua inatoka kwenye seva ya tovuti. Huduma inayopokea ikiona mambo hayo hayalingani, huikataa au huitupa kwenye barua taka. Dawa yake ni mtumaji kuwa anwani ya biashara yenyewe, na ya mgeni kuwekwa kwenye `Reply-To`.

Kazi ya pili ni nakala ya akiba, na hutangulia masasisho yoyote. Iwe na faili pamoja na hifadhidata, kisha ipakuliwe kwenye kompyuta, kwa sababu iliyoachwa kwenye seva hupotea pamoja na tovuti. Ukubwa wake husema mengi: ikiwa ya mwezi jana ilikuwa MB 400 na ya leo ni MB 3, kuna kilichokosekana.

Baada ya hapo ndipo masasisho hufanywa. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo, lakini plagini nyingi husubiri ruhusa ya mwenye tovuti. Septemba 2020, plagini ya File Manager iligunduliwa kuwa na tundu lililomwezesha mtu yeyote kupandisha faili kwenye seva bila nywila. Marekebisho yalitolewa haraka, ila hayakumsaidia ambaye hakuyaweka. Plagini isiyotumika ifutwe kabisa. Ikizimwa tu, faili zake hubaki kwenye seva. Masasisho yakiisha, fomu ijaribiwe tena.

Ukaguzi wa mwisho hufanyika Google, kwa kuandika `site:` ikifuatiwa na jina la tovuti bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa za kamari au dawa ambazo biashara haikuziandika, tovuti imevamiwa. Mwenyewe huenda asizione kwa njia ya kawaida, kwani wavamizi huweza kuzionyesha kwa Google tu.

Lipo pia jambo la kutazama kwenye akaunti ya msajili: tarehe ya jina la tovuti kuisha, na barua pepe inayopokea ilani. Ikiwa bado ni ya fundi aliyeitengeneza, ibadilishwe leo, kabla ya kazi nyingine yoyote.