Utangulizi: Kuufupisha Mkataba wa Bima Bila Kuuficha

Mwenye duka akikata bima ya moto hupewa kabrasha la kurasa ishirini au thelathini, na kwa kawaida hulitia mtotoni mwa meza bila kulifungua. Simlaumu. Limeandikwa na mawakili kwa ajili ya mawakili, na mengi yaliyomo yatamhusu tu duka likiungua. Ndiyo maana pana kazi ya kumwandikia muhtasari, na ndiyo kazi ninayokukaribisha uisome hapa. Huenda wewe ni wakala wa bima, dalali, karani wa kampuni, au mwanafunzi wa sheria aliyeombwa na shangazi yake amweleze karatasi zake. Wote mnakaribishwa, kwa sharti moja: mkubali kwamba mkataba wa bima haufupishwi kama habari ya gazeti.

Mwandishi wa habari hupunguza kila sehemu kidogo kidogo mpaka ibaki picha ile ile kwa udogo. Ukifanya hivyo kwa bima, picha haibaki ile ile. Ahadi huandikwa kwa sentensi moja pana, kisha hupunguzwa na kurasa nyingi zinazofuata. Mtu anayefupisha kwa kutafuta “wazo kuu” ataibakiza ahadi na kuyatupa mapunguzo, na atakachompa mteja ni tangazo la biashara. Sijaona kosa linalorudi mara nyingi zaidi ya hilo katika kazi za wanaoanza, nalo hufanywa na watu waaminifu kabisa.

Tuchukue mfano mmoja tuushike hadi mwisho. Ni mfano wa kubuni, ila vifungu vyake ni vya aina inayopatikana katika mikataba mingi ya bima ya moto. Bi Mkubwa mmoja ana duka la kanga na vitambaa Barabara ya Biashara, Mombasa. Amekatia bidhaa zake bima ya moto ya shilingi milioni 6. Mkataba una jedwali lenye jina lake, anwani, kiasi cha bima na muda wake, kisha kifungu cha ahadi, kisha sura ya visivyolipiwa, kisha masharti, na mwishoni nyongeza mbili tatu zilizobanwa kwa pini.

Anza kusoma na hizo nyongeza za mwisho. Nyongeza hubadilisha yaliyotangulia. Sura ya visivyolipiwa inaweza kusema kwamba moto uliowashwa na waandamanaji haulipiwi, halafu nyongeza ikaurudisha ndani kwa malipo ya ziada, au ikaongeza katazo jingine ambalo halimo mbele. Kenya swali hili lina historia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyabiashara walioteketezewa mali waligundua kwamba bima ya moto haikuwa lazima ibebe moto wa aina hiyo, na leo kinga dhidi ya ghasia za kisiasa hununuliwa kwa kawaida kama nyongeza. Kwa hiyo muhtasari wa Bi Mkubwa unapaswa kumwambia waziwazi kama nyongeza hiyo anayo au hana. Kusema “baadhi ya ghasia hazimo” hakumsaidii.

Sasa tuingie penye uzito wa kazi yenyewe. Msomaji mchanga huamini kwamba visivyolipiwa vyote vinakaa katika sura yenye jina hilo. Vingine vinakaa humo kweli: katika mkataba wetu, pesa taslimu, hundi na hati hazikingwi, bidhaa iliyochemka yenyewe na kuungua haikingwi, na mali iliyoibwa wakati wa moto au baada yake haikingwi. Hilo la mwisho lapaswa kuandikwa kwa maneno ambayo Bi Mkubwa ataona duka lake ndani yake. Moto ukizuka, majirani watakimbilia kuokoa majora ya vitambaa na kuyarundika barabarani, na vibaka watakuwepo. Majora yaliyoungua ndani yatalipiwa. Yaliyookolewa kisha yakaibwa nje hayatalipiwa. Mtu akilijua hili mapema atamweka kijana wa kulinda rundo kabla hajaingia tena ndani.

Lakini vingine vimejificha sura ya masharti, chini ya vichwa visivyotisha. Mkataba wetu unasema kwamba jengo likikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30, kinga inakoma, isipokuwa mteja awe amepata kibali cha kampuni kilichoandikwa kwenye mkataba kabla ya hasara kutokea. Hakuna neno “hatulipi” katika kifungu hicho, na bado kinakataa malipo sawasawa na sura nzima ya visivyolipiwa. Bi Mkubwa anakusudia kwenda Hija mwaka huu, kisha apitie kwa jamaa zake Maskati kabla ya kurudi. Atafunga duka kwa wiki sita hivi. Muhtasari uliokusanya visivyolipiwa vya sura ile tu utamwacha asafiri bila kinga wala habari. Dawa yake ni barua moja kabla ya safari na jibu lililotiwa kwenye mkataba, na muhtasari unaweza kuyasema hayo kwa mistari miwili.

Kifungu kingine cha namna hii kinaitwa cha uwiano, na ndicho kinachozusha ugomvi mkubwa kuliko vyote. Siku za kawaida dukani mna bidhaa za milioni 6. Idi ikikaribia Bi Mkubwa huongeza mzigo, na bidhaa zikafika milioni 10. Moto ukitokea wiki hiyo ukala bidhaa za milioni 4, yeye atahesabu hivi: bima yangu ni ya milioni 6, hasara ni milioni 4, basi nitalipwa yote. Kampuni itahesabu tofauti. Mali ilikuwa ya milioni 10 na bima ilikuwa ya milioni 6, yaani sehemu sita katika kumi. Itamlipa sehemu sita katika kumi za hasara, yaani milioni 2.4, kisha itaondoa ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamwachia mteja aibebe mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10 ya malipo hayo, anabaki na milioni 2.16. Sasa uangalie mstari “bidhaa zako zimekingwa hadi milioni 6”. Hauna uongo, na bado umempotosha kwa karibu nusu ya hasara yake.

Kutokana na hayo ninafundisha kanuni moja ya mpangilio: punguzo likae jirani na ahadi linaloipunguza. Usiandike ahadi zote ukurasa wa kwanza na makatazo yote ukurasa wa pili, kwa sababu ukurasa wa pili hausomwi. Andika “Bidhaa dukani: hadi milioni 6”, na papo hapo chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, “thamani yake ikizidi hapo siku ya moto, malipo ya hasara yoyote yatapungua kwa uwiano, tupigie simu kabla ya kuongeza mzigo wa Idi”. Kisha namba ya kifungu, ili anayetaka kuhakikisha afungue mkataba wenyewe.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria. Agizo lao la 2016 kuhusu uuzaji wa bima, na kanuni ya 2017 iliyofuata, vinazitaka kampuni zimpe mnunuzi wa bima zisizo za maisha karatasi ya kurasa mbili, tatu ikilazimu, yenye vichwa vilivyopangwa: nini kimekingwa, nini hakikukingwa, kuna mipaka gani, mteja ana wajibu gani. Kila kichwa kina alama yake: vema ya kijani, alama ya X nyekundu, alama ya mshangao ya rangi ya machungwa. Naiheshimu karatasi hiyo, na mwanafunzi yeyote anaweza kuanza kwa kuiga vichwa vyake. Ina upungufu wa aina mbili kwa kazi yetu. Inaeleza bidhaa ya bima kwa wanunuzi wote, haielezi mkataba wa mtu mmoja, kwa hiyo haiwezi kujua habari za Hija wala Idi. Na haina kichwa cha peke yake kwa tarehe za mwisho za kudai. Mambo hayo huingia chini ya wajibu wa mteja, pamoja na mengine.

Mimi hizo tarehe nazitengea sehemu yake, juu kabisa, kwa sababu mteja ataitafuta karatasi hii akiwa amesimama mbele ya duka lililoungua. Mkataba wetu una mipaka minne ya muda, na kila mmoja huhesabiwa kutoka tukio lake. Taarifa ya maandishi itolewe mara moja baada ya moto. Madai kamili, yenye orodha ya vilivyoharibika na thamani yake, yafike ndani ya siku 15 tangu moto. Miezi 12 ikipita tangu moto, kampuni haiwajibiki tena, ila kama madai yako tayari mahakamani au kwa msuluhishi. Na madai yakikataliwa, mteja ana miezi mitatu tangu kukataliwa kufungua kesi. Nguvu ya kifungu cha namna hii cha mwisho mbele ya mahakama hutofautiana nchi na nchi, na hilo ni la wakili kulisema. Kazi ya muhtasari ni kumwonyesha mteja kwamba kipo.

Angalia kinachopotea ukiandika “madai yatolewe ndani ya siku 15”. Kwanza, mteja ataona ana wiki mbili za kutulia, kumbe taarifa ya kwanza ilitakiwa mara moja. Pili, hajui siku 15 kutoka lini: tangu moto, au tangu alipopata ripoti ya polisi? Mpe hesabu iliyofanywa: moto ukitokea tarehe 3 Machi, orodha iwe imefika tarehe 18 Machi. Tatu, ifike wapi? Dalali kwa kawaida ni mtu wa mteja, na kumwambia yeye si lazima kuhesabike kuwa umeiambia kampuni. Andika anwani ya kampuni inayopokea taarifa kama ilivyo kwenye mkataba, na umwambie mteja abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mahali ambapo mkataba wenyewe hausemi wazi, usiusaidie. Kishawishi ni kikubwa, hasa “mara moja” inapokufanya utake kuandika “ndani ya saa 24”. Hujui kama kampuni itakubali saa 24, na mkataba haukutaja. Nukuu neno lake, kisha shauri: piga simu siku ile ile, peleka barua kesho yake.

Ukimaliza kuandika, kuna jaribio la bei rahisi. Mpe muhtasari mtu asiyejua bima, usimpe mkataba, na umuulize maswali matatu ya mkasa: Majora yaliyookolewa yameibwa barabarani, tunalipwa? Duka limefungwa siku 40 kisha likaungua, tunalipwa? Moto umetokea leo, kesho asubuhi nifanye nini na niende wapi? Akijibu vibaya, tafuta mstari uliomdanganya. Mara nyingi utaukuta ni mstari wa kweli ulioachwa bila punguzo lake, na sura ya kwanza ya kitabu hiki inaanzia hapo, na mkataba wa Bi Mkubwa kifungu kwa kifungu.