Mende kwenye boksi la keki: nilivyoacha kupuliza dawa nikahamia jeli

Wadau, hii inawahusu zaidi mnaopika nyumbani na kuuza mtandaoni, hasa kama kuna mtoto anayetambaa hapo ndani.

Mimi natengeneza keki, napokea oda kwa simu, bodaboda anapeleka. Siku moja mteja akanitumia picha: mende mdogo kwenye boksi la keki ya bethidei. Nikarudisha hela, nikaomba radhi, kisha nikaenda dukani kununua kopo la dawa ya kupuliza.

Wiki nzima kila usiku napuliza. Asubuhi nafagia maiti, roho inatulia. Baada ya wiki chache wamerudi wengi, tena sasa wako hadi sebuleni.

Kosa langu lilikuwa nini? Wale wadogo wa kahawia, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, wanaishi humu humu ndani: kwenye bawaba za kabati, karibu na mota ya friji, kwenye mikunjo ya maboksi. Dawa ya kupuliza inaua anayeguswa nayo. Waliojificha inawafukuza tu, wanahamia chumba kingine. Halafu jike hubeba kifuko chenye mayai kama 30 hadi 40 mpaka yakaribie kuanguliwa, na dawa haipenyi vizuri kwenye kile kifuko. Ukiona kimya, ujue kizazi kingine kiko njiani.

Jeli inafanya kazi kinyume chake. Ni chambo, mende anaila kama chakula, hafi palepale. Anarudi maficho, anafia huko, na wenzake wanaokula kinyesi na mzoga wake wanapata sumu pia. Hata watoto wasiotoka nje inawafikia.

Nilinunua ya fipronili, inakuja kwenye bomba kama la sindano. Mara ya kwanza ikanigomea! Niliiweka kwenye shelfu zilezile nilizopulizia, mende hata hawakusogea. Dawa ya kupuliza huwafukuza kwenye chambo. Ikabidi nifute kila mahali kwa maji ya sabuni, niache kupuliza kabisa, halafu niweke upya sehemu ambazo dawa haikufika. Ukitaka jeli, chagua jeli. Usichanganye.

Usiku nilizima taa, nikasubiri, nikamulika kwa tochi nione wanakotokea. Huko ndiko nikaweka nukta ndogo kama punje ya choroko, nyingi ndogo badala ya donge moja: ndani ya bawaba, nyuma ya friji, chini ya sinki kwenye kona ya bomba. Siweki juu ya meza ya kukandia wala ndani ya droo ya vijiko. Na unga, sukari na makombo vifungwe, kwa sababu mende aliyeshiba keki hana haja na jeli yako.

Siku ya tatu nikaanza kuona maiti. Baada ya wiki mbili niliongeza pale ilipoliwa. Kufikia wiki ya tano tochi haikuona kitu.

Sasa mtoto. Wangu alikuwa na miezi tisa, kila anachookota kinaenda mdomoni. Dawa ya kupuliza inatua sakafuni anapotambaa, ndiyo maana mimi siitaki. Ukilazimika, toa mtoto, vyombo na chakula, zima jiko la gesi kabisa maana hewa ya kopo inashika moto, fungua madirisha, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha osha meza na sakafu kwa sabuni kabla hajarudi. Jeli nayo ni sumu: iwe ndani ya nyufa ambazo kidole chake hakifiki, na maiti za mende nafagia kabla hajaamka. Chaki ya mende sitaki hata kuisikia, kwa mtoto inafanana na chaki ya kuchorea.

Na ile dawa inayopimwa kwenye chupa ya maji mtaani, haina jina wala maelezo, acheni. Hujui ni ya mende au ya shambani, na mtoto akiinywa daktari hana pa kuanzia. Ikitokea amelamba dawa yoyote, msimtapishe. Futa mdomo, kimbia hospitali na kopo au bomba lake mkononi.

Wale wangu naamini waliingia na maboksi ya mitumba niliyopewa dukani bure. Siku hizi nanunua mapya, nayaweka juu ya shelfu mbali na sinki, na nakung'uta kila moja nje kabla ya kupanga keki. Bomba la jeli lililobaki liko juu ya kabati la chumbani, kwenye kopo lenye mfuniko.